Chumba Kiko Umbali Gani na Kazi? Jinsi ya Kupima Usafiri Kabla ya Kulipa Kodi

Dalali wa Dar es Salaam huonyesha chumba Jumamosi mchana. Jua linawaka, barabara ni nyeupe, daladala zinapita zikiita abiria, na makondakta wanabembeleza. Mteja anauliza, "Hapa mpaka kituoni ni mbali?" Anajibiwa kwamba ni dakika tano tu. Anauliza mpaka Posta, anaambiwa nusu saa, mwendokasi ipo. Majibu hayo si lazima yawe ya uongo. Inawezekana kabisa kwamba Jumamosi saa 7 mchana safari ile huchukua muda huo. Lakini mpangaji hatasafiri Jumamosi saa 7 mchana. Atasafiri Jumatatu saa 12 asubuhi pamoja na mtaa mzima, na atarudi usiku wakati magari yamepungua.

Kosa la kupima vibaya ni ghali kwa sababu ya namna kodi inavyolipwa. Wenye nyumba wengi jijini hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mtu akigundua wiki ya pili kwamba safari inamchosha, fedha zimeshatoka. Ndiyo maana kipimo kinachofaa ni kile kinachofanyika kabla ya kutia saini, na kinaweza kufanyika kwa asubuhi moja na usiku mmoja, bila chombo chochote zaidi ya saa na simu ya kuandikia.

Tuanze kwa kukubaliana juu ya kinachopimwa. Tunaposema safari ya kwenda kazini, tuna maana ya muda wote kuanzia mtu anapofunga mlango wa chumba chake hadi anapofika mahali pake pa kazi. Muda huo una vipande vinne: kutembea hadi kituoni, kusubiri, kukaa (au kusimama) ndani ya gari, na kutembea kutoka kituo cha kushukia. Ikiwa kuna kubadili gari, kusubiri na kupanda vinarudiwa tena. Watu wanapotaja muda wa safari, karibu kila mara hutaja kipande cha tatu peke yake. Ndicho kinachokumbukwa, na ndicho dalali anachokijua. Lakini kipande hicho ndicho ambacho vyumba viwili vya eneo moja hutofautiana kidogo zaidi. Tofauti kubwa hujificha katika vile vingine.

Kutembea kwanza. Mtu mzima mwenye afya, kwenye njia tambarare na ngumu, hutembea karibu mita 80 kwa dakika. Kwa hiyo dakika tano ni mita 400, na wapangaji wa miji duniani kote huuchukua umbali huo kuwa ndio ambao watu wengi hukubali kutembea hadi kituo cha basi bila kunung'unika. Dakika tano za dalali, hata hivyo, mara nyingi ni za pikipiki. Na ramani ya simu ikipimwa kwa mstari ulionyooka hudanganya pia, kwa sababu mtaa haukupangwa kwa mistari. Njia inazunguka ukuta wa shule, inashuka korongo na kupanda upande wa pili, inapita nyuma ya nyumba za watu, kisha inatokea barabara kuu mahali ambapo kituo kiko ng'ambo. Kimara na Mbezi ni maeneo ya vilima na mabonde. Mita 600 za huko haziwi sawa na mita 600 za Kariakoo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tembea mwenyewe kutoka mlangoni hadi mahali hasa utakaposimama kusubiri gari, ukiwa umevaa viatu vya kazini, na uhesabu dakika. Kisha rudi, kwa sababu mteremko wa asubuhi ni mlima wa jioni. Ukifika barabara kuu usisimamishe saa bado. Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kwenda Kibaha imepanuliwa kuwa ya njia nane, na kuivuka asubuhi ni kipande cha safari kinachojitegemea. Chumba kilicho upande ule ambao magari ya kwenda mjini yanapakia, na chumba kilicho upande wa pili, vinaweza kutofautiana dakika tano kila asubuhi hata kama umbali wao wa kufika barabarani ni uleule.

Baada ya hapo uliza kuhusu njia hiyo wakati wa masika. Udongo mwekundu wa mteremko ukilowa hugeuka utelezi, na mkondo unaovukwa kwa jiwe moja mwezi wa Januari unaweza kutovukika mwezi wa Aprili. Wakazi watakueleza bila kuficha, maana hawapati kitu kwa kukuficha. Uliza pia kama njia ina taa, na kama kuna maduka yanayokaa wazi usiku. Kwa mwanamke anayerudi saa 4 usiku, mita 300 za mwisho zisizo na taa zinaweza kuamua jambo lote, na hakuna hesabu ya dakika inayoweza kulifidia hilo.

Ikiwa matembezi ni marefu, wengi hujiambia kwamba watapanda bodaboda hadi barabarani. Ni sawa, lakini basi bodaboda hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kodi. Tuseme kupanda ni Sh 1,000, kwenda na kurudi, siku 26 za kazi kwa mwezi. Hiyo ni Sh 52,000. Chumba cha Sh 80,000 kinachohitaji bodaboda kila siku kinagharimu Sh 132,000. Kiandikwe hivyo kwenye karatasi ya kulinganisha.

Sasa tuje kwenye kusubiri. Hapa ndipo hesabu inapowapiga chenga watu wengi, kwa hiyo twende polepole.

Chukua kituo ambacho magari sita hupita kwa saa moja. Ikiwa yanapita kwa mpango, moja kila baada ya dakika 10, mtu anayefika kituoni wakati wowote atasubiri kati ya sifuri na dakika 10. Kwa wastani atasubiri dakika 5, yaani nusu ya nafasi iliyopo kati ya gari na gari. Kanuni hiyo ya nusu ndiyo ambayo kila mtu anaitumia kichwani, hata kama hajui kwamba anaitumia.

Lakini magari hayapiti kwa mpango. Chukua magari yaleyale sita kwa saa, ila sasa yanakuja mawili mawili: la kwanza, dakika 2 baadaye la pili, halafu kimya cha dakika 18. Idadi haijabadilika. Je, wastani wa kusubiri umebadilika? Fikiria nani anafika lini. Katika kila dakika 20, dakika 18 ni za kile kimya kirefu. Kwa hiyo kati ya watu kumi wanaofika kituoni, tisa wanafika ndani ya kimya hicho, na wanasubiri dakika 9 kwa wastani. Mmoja tu ndiye anayeangukia kwenye nafasi fupi na kusubiri dakika moja. Ukijumlisha, wastani wa wote ni dakika 8 na ushei, si 5. Pengo refu hukusanya watu wengi kwa sababu tu ni refu, na ndiyo maana abiria wanalalamika kwamba magari hayapo wakati mwenye magari ana kitabu kinachoonyesha kwamba yapo.

Kwa nini yanakuja mawili mawili? Gari lililochelewa kidogo linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linakaa zaidi kupakia, linazidi kuchelewa. Lililo nyuma yake linakuta kituo kimefagiwa, linapita upesi, mwishowe linalifikia la mbele. Foleni na taa za barabarani huongeza hali hiyo. Kwa daladala kuna sababu nyingine pia: gari haliondoki mwanzo wa njia mpaka lijae, au mpaka mpiga debe aseme limetosha. Hivyo kasi ya kuondoka inafuata kasi ya abiria kufika, siyo saa ya ukutani.

Mpaka hapa tumedhani kwamba gari likifika, unapanda. Asubuhi ya Dar es Salaam dhana hiyo haisimami, na mimi naamini ndiyo dhana iliyowaingiza wapangaji wengi zaidi kwenye vyumba vibaya. Idadi ya magari yanayopita si kitu kwako. Kinachohusika ni idadi ya magari yanayoweza kukuchukua.

Mwendokasi ya awamu ya kwanza, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016, inatoka Kimara, inashuka Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo na Magomeni, inavuka bonde la Jangwani na kuingia mjini hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya Gerezani na Morocco. Anayepanda Kimara anapanda mwanzo wa njia. Atakuta mstari, huenda mrefu, lakini basi linalofika mbele yake halina mtu, na mstari unasogea kwa mafungu. Anayepanda Manzese au Mwembechai amekaribia mjini zaidi, na kwenye ramani chumba chake ni bora. Lakini mabasi yanamfikia yakiwa yamekwisha kujazwa huko juu. Mlango unafunguka, mtu mmoja anashuka, wanne wanasukumana, wawili wanaingia, mlango unafungwa kwa shida. Waliobaki wanahesabu upya.

Hebu tuone namna ya kupima hili. Nenda kituoni siku ya kazi, saa uliyokusudia kupanda, na ukae nusu saa. Jumanne au Jumatano inafaa kuliko Jumatatu au Ijumaa, ambazo zina mambo yake. Kila gari la njia yako likifika, andika saa, na andika kama waliokuwa kituoni waliweza kupanda. Karatasi yako inaweza kuonekana hivi, kwa mfano: 12:03 limejaa, halikuchukua mtu, 12:05 limechukua watatu, 12:06 limejaa, 12:14 limejaa, 12:16 limechukua wengi, 12:25 limejaa, 12:28 limechukua wachache. Mabasi saba kwa dakika 30. Anayetangaza chumba atasema, bila kudanganya, kwamba basi linapita kila baada ya dakika nne. Lakini yaliyochukua watu ni matatu, ya 12:05, 12:16 na 12:28. Nafasi kati yao ni dakika 11 na 12. Nusu yake ni dakika 6, na kwa kuwa hata hayo hayakuwachukua wote, mgeni asiyezoea kusukumana ajiwekee 9 au 10.

Wakati ukiwa pale, tazama pia upande wa pili wa barabara. Ukiona watu waliovaa kiofisi wanapanda magari yanayokwenda nje ya mji saa 12 asubuhi, hao hawaendi nje ya mji. Wanageuza na gari: wanapanda hadi mwisho wa njia, wanabaki kwenye viti vyao, kisha wanarudi nalo wakiwa wamekaa. Ni desturi inayojulikana sana kwenye daladala za Mbagala na Gongo la Mboto. Kila mmoja wao analipa nauli mara mbili na kuongeza nusu saa au zaidi kwenye safari yake, kwa sababu ameshapima na kuona kwamba kusubiri pale aliposimama ni kubaya zaidi. Wingi wa wanaogeuza ni ushahidi mzuri kuliko maelezo ya mtu yeyote, nao unapatikana bure kwa kuangalia tu.

Kipande cha ndani ya gari kinahitaji maneno machache. Kipime kwa kusafiri mwenyewe mara moja asubuhi, na uandike muda wa kushuka. Kumbuka tu kwamba mwendokasi ina njia yake yenyewe, kwa hiyo muda wake haubadiliki sana siku hadi siku, ilhali daladala inashiriki foleni na kila mtu. Kwenye daladala, swali si inachukua dakika ngapi, bali inachukua kati ya ngapi na ngapi.

Tumebaki na safari ya mwisho ya usiku, na jambo hili lina tabia tofauti na yote yaliyotangulia. Kutembea, kusubiri na kupanda ni vitu vya kujumlisha: ukipoteza dakika tano hapa unaweza kuzipata pale. Gari la mwisho halijumlishwi. Ama lipo ama halipo. Anayetoka kazini saa 4 usiku akiwa na gari la mwisho la saa 3:45 hana safari ya dakika nyingi. Hana safari kabisa.

Kwa mwendokasi, uliza ofisa wa kituo basi la mwisho linaondoka saa ngapi, tena uliza kwa kituo utakachopandia, na kwa siku za Jumapili pia. Kwa daladala usitegemee jibu la saa, kwa sababu hakuna saa. Magari hayakatiki ghafla, yanapungua. Saa 2 usiku yapo mengi, saa 3 unasubiri robo saa, saa 4 unasubiri bila kujua. Na linalokuja linaweza kukatisha ruti. Gari lina maandishi ya mwisho wa njia yake ubavuni, lakini konda anaona abiria waliobaki ni sita, anatangaza kwamba mwisho ni hapa, anarudisha au harudishi chenji ya kipande kilichobaki, na gari linageuka. Kwa mamlaka ni kosa, na kwa abiria aliyeshushwa kilomita nne kabla ya kwake usiku ni balaa. Hutokea zaidi kwenye kipande cha mwisho kabisa cha njia, ambako ndiko kodi ni nafuu.

Jibu la kuaminika linatoka kwa watu wanaofanya kazi kituoni usiku: muuza chipsi, mlinzi wa duka, dereva wa bajaji. Usiwaulize gari la mwisho ni saa ngapi. Waulize swali linalojibika: "Jana na juzi, saa 4 na nusu, watu walikuwa wanapata gari hapa, au walikuwa wanachukua boda?" Kisha nenda mwenyewe usiku mmoja.

Mwenye kubadili gari ahesabu kurudi nyuma kutoka kitandani. Kinachomfunga si gari la mwisho la kwanza, ni gari la mwisho la pili. Ikiwa daladala za uhakika kutoka Kimara Mwisho kwenda kwake zinakoma saa 4 usiku, na mwendokasi kutoka Posta hadi Kimara ni dakika 40, na kusubiri kwa usiku ni 15, basi saa yake ya mwisho ya kutoka kazini ni saa 3 na dakika chache, hata kama mwendokasi yenyewe inaendelea kwa muda mrefu baada ya hapo.

Tuviweke vipande hivi pamoja kwa mfano mmoja. Namba ni za kufanyia hesabu, kila msomaji ataweka zake. Mpangaji ni mhudumu wa hoteli karibu na Posta. Anafanya kazi siku 26 kwa mwezi; kwa kawaida anaingia saa 1 asubuhi, lakini siku kumi za mwezi anakuwa na zamu inayomalizika saa 4 usiku. Ameonyeshwa vyumba viwili. Cha kwanza kiko Temboni, ng'ambo ya Kimara Mwisho, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, kodi Sh 80,000. Cha pili kiko jirani na kituo cha Manzese, kidogo zaidi, joto zaidi, kodi Sh 120,000.

Siku ya kawaida, kutoka Temboni: kutembea dakika 12, kusubiri daladala 5, kwenda Kimara Mwisho 8, mstari wa mwendokasi 10, safari hadi Posta 40, kutembea 5. Jumla ni dakika 80. Kutoka Manzese: kutembea 5, kusubiri basi linalochukua watu 9, safari 20, kutembea 5. Jumla ni 39.

Sasa siku mbaya. Mtu anaweza kusema si haki kujumlisha ubaya wa kila kipande, kwa sababu mambo yote hayaharibiki siku moja. Mvua ikinyesha yanaharibika siku moja. Njia inateleza, waliokuwa wanatembea au kupanda boda wanahamia kwenye daladala, mistari inarefuka, mabasi yanapunguza mwendo, vyote kwa pamoja na kwa sababu moja. Temboni inakuwa 18, 15, 12, 25, 55 na 5, jumla dakika 130. Manzese inakuwa 7, 25, 30 na 5, jumla 67. Maji yakifurika Jangwani kiasi cha kufunga barabara, kama yalivyofanya mara nyingi, vyumba vyote viwili vinakwama, kwa hiyo jambo hilo tunaliacha nje ya ulinganisho. Ili asichelewe saa 1 asubuhi wakati wa masika, mkazi wa Temboni afunge mlango saa 10:50 alfajiri, na wa Manzese saa 11:53. Tofauti hiyo ya saa nzima ni ya usingizi.

Upande wa fedha, nauli ya mwendokasi tuichukulie kuwa sawa kwa wote. Wa Temboni anaongeza daladala, tuseme Sh 600 kwenda na Sh 600 kurudi, ambazo kwa siku 26 ni Sh 31,200. Zile siku kumi za zamu ya usiku, atafika Kimara Mwisho karibu saa 5 na daladala hazina uhakika, basi anachukua boda ya Sh 2,000 badala ya daladala ya Sh 600. Ongezeko ni Sh 14,000. Jumla ya usafiri wa ziada ni Sh 45,200. Kodi ya Temboni ilikuwa nafuu kwa Sh 40,000. Chumba cha bei rahisi kimekuwa ghali kwa Sh 5,200, na bado kinamla dakika 41 kila upande, ambazo kwa mwezi ni zaidi ya saa 35.

Ondoa zamu za usiku tuone. Mpangaji huyohuyo, akitoka kazini saa 11 jioni kila siku, halipi zile Sh 14,000. Temboni sasa inamwokolea Sh 8,800 kwa mwezi, kwa gharama ya zile saa 35. Ni kama ameuza kila saa yake kwa karibu Sh 250. Wapo watakaokubali, hasa wenye watoto wanaohitaji uwanja na upepo, na uamuzi wao una maana. Walau wameujua.

Sasa naweza kutoa hukumu niliyoichelewesha. Mpangaji aanze kuuliza kutoka mwisho wa siku. Kwanza gari la usiku: likikosekana katika siku ambazo lazima afanye kazi, chumba kiondolewe kwenye orodha kabla ya kuangalia rangi ya ukuta, isipokuwa kama gharama ya boda imo ndani ya bajeti na njia ni salama. Pili, magari yanayochukua watu asubuhi, yaliyohesabiwa kwa macho. Tatu, matembezi. Muda wa ndani ya gari, ambao wote huanza nao, uje wa nne. Na vyumba vikilingana, ningechagua kilicho karibu na mwanzo wa njia kuliko kilicho katikati yake, hata kwa kuongeza dakika 10 za safari, kwa sababu dakika ya kukaa kwenye kiti na dakika ya kusimama ukitazama milango ikifungwa hazina uzito mmoja.

Kuna hoja moja ambayo dalali huiweka mwisho, na lazima ijibiwe: kwamba barabara inakuja. Awamu nyingine za mwendokasi zimepangwa na kujengwa, kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, na ni kweli kwamba njia mpya hubadili thamani ya mtaa. Lakini njia na huduma ni vitu viwili. Mbagala, lami na vituo vilikamilika kwanza, na wakazi wakakaa muda mrefu wakipita kando ya njia tupu kabla ya mabasi kuja. Wakati wa ujenzi wenyewe, barabara iliyokuwapo hubanwa na safari huwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Mkataba wa miezi sita hulipwa kwa magari yanayopita katika miezi hiyo sita. Mwenye nyumba akitaka bei ya barabara ijayo, mwombe akubali kodi ya miezi mitatu mitatu hadi basi la kwanza litakapopita mbele ya mtaa wake. Jibu atakalotoa litakuonyesha yeye mwenyewe anaitarajia lini.